Shairi Likigeuka Video

Mwaka 2013 mshairi wa Kanada, Shane Koyczan, alitoa video ya katuni ya shairi lake To This Day, kuhusu watoto wanaodhihakiwa shuleni. Makumi ya wachoraji waligawana sauti yake vipande vifupi vifupi, ndiyo maana michoro hubadilika sura kila mara.

Uti wa mgongo ni sauti, hivyo hurekodiwa kwanza. Mhariri huweka alama mshairi anapovuta pumzi. Hapo ndipo picha hukatwa. Ubeti wa mbio hupewa picha za sekunde moja moja, ubeti mzito picha moja tu. Kimya kisijazwe muziki.

Kosa la kawaida? Mshairi anataja mvua, mvua inaonyeshwa. Zima sauti: ukiweza kubashiri maneno yote, picha zinarudia tu.