Kwa nini koki ya ghorofa ya juu hunyong'onyea

Jengo la ofisi la ghorofa tano, tangi juu ya paa, na malalamiko yale yale kila asubuhi: wa juu kabisa wakifungua koki, maji yanachuruzika tu. Wengi hulilaumu tangi. Mara nyingi kosa liko kwenye unene wa bomba linalotoka humo.

Tuseme kila ghorofa ina vyoo sita vya tangi la kuflashi na sinki tano za kunawia mikono. Tangi moja likijaa huvuta kama lita 0.2 kwa sekunde, koki moja lita 0.13. Vyote vikifunguka pamoja, jengo litataka zaidi ya lita tisa kwa sekunde. Lakini watu hawaendi chooni kwa kengele. Mwaka 1940, Mmarekani Roy Hunter alilitatua jambo hilo kwa hesabu ya uwezekano. Kila kifaa alikipa uniti kadiri kinavyovuta maji na kinavyotumika mara kwa mara. Katika majengo ya umma, choo cha tangi hupewa uniti 5 na sinki ya kunawa 2.

Basi ghorofa moja ina uniti 40, na jengo zima 200. Jedwali linalotokana na kazi ya Hunter linasema uniti 40 zinahitaji lita 1.6 kwa sekunde wakati wa kilele, na 200 zinahitaji 4.1 tu. Hapa ndipo mafundi wengi huteleza: hukadiria lita za kila ghorofa, kisha huzizidisha mara tano na kupata nane. Zinazojumlishwa ni uniti. Lita husomwa mwishoni, kwa kila kipande cha bomba.

Kipande cha kwanza kutoka tangini hubeba uniti zote 200. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 litayapeleka maji kwa zaidi kidogo ya mita 2 kwa sekunde, na kila mita kumi za bomba la plastiki hula karibu mita moja ya kimo. Tangi likiwa mita tatu tu juu ya koki ya ghorofa ya tano, theluthi nzima imekwenda kabla ya viwiko na valvu. Bomba la milimita 65 hula kama sentimita 26. Chini zaidi uniti zinapungua na kimo kinaongezeka, kwa hiyo bomba linaweza kupunguzwa. Wanaolifanya jembamba juu na nene chini wamegeuza kazi.

Jedwali hili halifai pale watu wanapofungua koki kwa pamoja, kama mahali pa kutawadhia msikitini kabla ya sala. Huko hesabu koki zote kuwa wazi.

Kabla ukuta haujapigwa plasta, mwombe fundi akuoneshe uniti za kila kipande, kuanzia tangini.