Ukiandika "Mbezi", Simu Inaelewa Mbezi Ipi?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mama mdogo alinipigia simu akiwa ameshakaa ndani ya basi, Stendi ya Magufuli. Mfuko wa dawa zake za presha ulikuwa umebaki mezani kwangu, Mikocheni. Basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Nikafungua programu ya kuita bodaboda, nikagusa kisanduku cha mahali pa kupeleka mzigo, nikaandika herufi nne: Mbez. Chini yake ikashuka orodha, na wa kwanza kabisa juu ulikuwa "Mbezi", kwa herufi nene. Nikaugusa, nikamkabidhi kijana mfuko, nikarudi ndani.

Saa kumi na mbili na dakika tano kijana akapiga: "Kaka, nimefika Mbezi. Huyo mama yuko upande gani? Mimi niko hapa karibu na Tangi Bovu."

Mkazi wa Dar es Salaam ameshaelewa kilichotokea. Kwa wageni wa jiji, ni kwamba zipo Mbezi zaidi ya moja. Mbezi Beach iko upande wa bahari, kando ya Barabara ya Bagamoyo, katika Manispaa ya Kinondoni. Mbezi Juu iko jirani nayo. Mbezi Luis, yenye stendi ya mabasi ya mikoani iliyozinduliwa Februari 2021, iko kando ya Barabara ya Morogoro, katika Manispaa ya Ubungo. Kati ya Mbezi ya pwani na Mbezi ya stendi ni zaidi ya kilomita kumi, na njia ya mkato ni kupitia Goba. Kijana alijitahidi, lakini basi lilikuwa limeshaondoka. Dawa zilisafiri kesho yake kwa basi jingine, na mama mdogo alikaa siku nzima bila kumeza vidonge vyake.

Tangu siku ile nimetaka kuelewa kile kisanduku kinafanya nini hasa, na kwa nini kiliweka Mbezi ya Tangi Bovu juu wakati mimi nilikuwa na stendi kichwani.

Unapoanza kuandika, simu yako haitafuti ramani nzima ya dunia iliyohifadhiwa ndani yake. Inasubiri kidogo, robo sekunde hivi baada ya kidole kutulia, kisha inatuma herufi ulizoandika kwenye seva ya huduma ya ramani. Huko kuna fahirisi ya majina ya mahali, iliyopangwa kwa namna inayofanana na kamusi: ukishika "Mb" unapata Mbagala, Mbeya, Mbezi, Mburahati, Mbweni na mengine kwa pamoja. Ukiongeza "e", Mbagala, Mburahati na Mbweni zinaanguka. Ukiongeza "z", Mbeya nayo inaondoka. Fahirisi hiyo husamehe pia makosa madogo, ndiyo maana anayeandika "Mbzei" bado anaonyeshwa Mbezi. Msamaha huo una gharama yake: jina sahihi la kijiji kisichojulikana sana linaweza kuchukuliwa kuwa kosa la tahajia la mji mkubwa, na ukaonyeshwa mji badala ya kijiji.

Majina yakishapatikana, yanabaki kupangwa, kwa kuwa simu ina nafasi ya kuonyesha matano hivi tu. Hapa ndipo bahati yangu ilipoharibika. Seva haijui unakokwenda. Inachojua ni herufi zako, mahali simu yako ilipo wakati huo, umaarufu wa kila mahali kwa watumiaji wengine, na mara nyingi safari zako za nyuma. Kati ya hivyo, ukaribu una uzito mkubwa, na kwa kawaida hilo ni jambo jema. Anayeandika "Malindi" akiwa Mji Mkongwe wa Unguja huenda anataka Malindi ya hapo hapo bandarini, na wa Mombasa huenda anataka mji wa Malindi ulioko kaskazini yake. Kwa kuwa mimi nilikuwa Mikocheni, upande wa Barabara ya Bagamoyo, Mbezi iliyo karibu nami ilikuwa ya pwani. Lau ningeandika herufi zile zile nne nikiwa Kibamba, kuna uwezekano mkubwa Mbezi ya stendi ndiyo ingekaa juu. Kwa hiyo ule mpangilio hauonyeshi kwamba pendekezo la juu ndilo sahihi. Unaonyesha tu kwamba watu wengi waliosimama pale uliposimama wewe, wakiandika ulichoandika, huenda wangelitaka.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho, na kwangu ndilo zito zaidi. Maneno unayoyaona katika orodha ni lebo tu. Nyuma ya kila lebo kuna namba ya utambulisho ya mahali hapo. Ukigusa pendekezo, programu inatuma namba hiyo tena kwenye seva, na safari hii inarudishiwa kilicho muhimu: latitudo na longitudo, pamoja na anwani iliyokatwa vipande vyake, yaani barabara, mtaa, kata, wilaya, mkoa na postikodi. Kijana wa bodaboda hapelekwi na neno "Mbezi". Anapelekwa na zile tarakimu mbili. Mbezi Beach na Mbezi Luis ziko karibu sawa kwa latitudo, lakini longitudo ya kwanza ni takriban 39.2 na ya pili takriban 39.1. Tofauti hiyo ya sehemu moja ya kumi ya digrii inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwetu huku karibu na ikweta ni kilomita 11 hivi.

Kutokana na hilo linazaliwa kosa ambalo wengi hulifanya wakidhani wanarekebisha. Mtu anagusa pendekezo, anaona neno halijatosha, kisha anaongeza mwenyewe kwa mkono: "Mbezi, karibu na stendi". Maandishi yanabadilika na yeye anatulia. Katika programu nyingine hatua hiyo hufuta chaguo la mwanzo na kukulazimisha uchague upya, na huo ndio utengenezaji mzuri. Katika nyingine maandishi yanabadilika lakini tarakimu zinabaki zile zile za mwanzo. Skrini inasema stendi, pini iko Tangi Bovu, na dereva anafuata pini. Ukitaka kurekebisha, futa kisanduku chote, andika upya, na uguse pendekezo jingine.

Jambo la tatu ni pini yenyewe. Nchi ambazo kila nyumba ina namba kwa muda mrefu, pini hukaa juu ya paa la nyumba husika, au hukadiriwa: kama namba 1 iko mwanzo wa barabara na namba 99 iko mwisho, basi namba 50 inawekwa katikati. Kwetu majina mengi katika ramani ni ya eneo zima, yaani mtaa, kata au kitongoji. Ukichagua eneo, huduma inalazimika kukupa nukta moja, na mara nyingi inakupa iliyo katikati yake. Nukta hiyo inaweza kuangukia kiwanja kitupu, makaburi, au ng'ambo ya mto usio na daraja. Kwa hiyo hata ukichagua Mbezi iliyo sahihi, bado hujachagua geti. Unaweza kuitambua pini ya namna hii kwa kuikuza ramani: ikiwa imesimama mahali pasipo na nyumba wala barabara, au jina lililo juu yake ni la kata na si la jengo, hiyo ni nukta ya katikati ya eneo. Ivute kwa kidole mpaka kwenye lango lako.

Nchini Tanzania kazi ya kuweka anwani za makazi ilipata msukumo mkubwa mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti. Nyumba zikabandikwa namba, na mitaa ikapata vibao vya majina. Lakini kibao kilichosimamishwa barabarani hakiingii chenyewe katika kila ramani ya simu. Ramani huchota taarifa zake kutoka vyanzo vingi, vingine vya zamani. Chukua Ubungo: hadi katikati ya muongo uliopita haikuwa wilaya, ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Kumbukumbu ya enzi hizo ingeandika "Mbezi, Kinondoni" kwa Mbezi zote, na ikawa kweli. Mahali ambapo data ya namna hiyo haijasafishwa, hata msomaji makini hawezi kuzitenganisha kwa jina la wilaya.

Nilirudi kuangalia ile safari kwenye historia ya programu. Chini ya "Mbezi" yenye herufi nene kulikuwa na mstari wa pili, mdogo na wa rangi ya kijivu, uliosema "Kawe, Kinon..." kabla haujakatwa na ukingo wa skrini. Jibu lilikuwa pale. Lenye kufanana ndilo lililokuzwa, na lenye kutofautisha likafifishwa. Watengenezaji wa programu zetu naomba walitazame hili kwa jicho la mtu wa Dar: andikeni kata na wilaya kwa ukamilifu, hata kama itabidi mstari ushuke chini. Katika jiji lenye Mbezi ya pwani na Mbezi ya Morogoro, na lenye Kongowe ya Mbagala huku jirani yake Kibaha ikiwa na Kongowe yake, jina la kwanza peke yake halimfikishi mtu.

Kwa upande wetu watumiaji, ukaguzi wenyewe unachukua sekunde chache. Soma mstari wa chini mpaka mwisho wake. Tazama ramani ndogo ujiulize pini iko barabara gani kubwa. Kama fomu imejaza postikodi, itumie: tarakimu tano za Tanzania hushuka kutoka mkoa hadi kata, na za Kinondoni huanza na 14 ilhali za Ubungo huanza na 16. Kisha tazama umbali na nauli. Nauli ya kwenda stendi ninaijua. Ile iliyoonyeshwa alfajiri ile ilikuwa ndogo mno, nami nilifurahia unafuu badala ya kushtuka. Maelezo ya "geti jeusi baada ya duka la nafaka" yaweke kwenye sehemu ya maelekezo kwa dereva, si kwenye kisanduku cha anwani, ambako yataivuruga fahirisi.

Na kama una mtu anayesafiri kesho alfajiri, usiandike Mbezi kabisa. Andika "Magufuli", chagua kituo cha mabasi, hakikisha pini imekaa kando ya Barabara ya Morogoro, ndipo umkabidhi kijana mzigo.