Picha ya Vipande, Kitufe Kinachochelewa
Mchezo unaoendeshwa na kompyuta ya mbali hukufikia kama video, na kila ukibonyeza kitufe, ishara husafiri hadi kwenye seva ndipo picha irudi. Basi chagua kwanza seva yenye pingi ndogo. Picha nzuri haifupishi umbali.

Tuseme intaneti yako hupata megabiti 12 kwa sekunde. Weka ukubwa wa 1280x720 na kikomo cha megabiti 8, si 12 zote: laini ikijaa, data hupanga foleni kwenye ruta na vitufe huchelewa.

Picha ikivunjika vipande gari linapokimbia tu, data haitoshi. Shusha fremu kutoka 60 hadi 30. Picha ni safi ila mkono unachelewa? Chomeka kebo, kisha simamisha upakuaji kwenye simu za nyumbani.