Kariri Kila Neno Ndipo Uwashe Kamera? Tuone

Tangu vijana wa Kibera News Network waanze kurekodi habari za mitaa yao mwaka 2010, kila kona ya Sarang'ombe ina mshauri wa kamera. Mawaidha haya bila shaka umeshayasikia.

"Kariri kila neno, hutababaika." Si kweli. Aliyekariri hushika maneno kwa mfuatano. Likipotea moja, yanayofuata nayo hayaji. Dalili unazijua: macho yanapanda juu kulitafuta, kisha mtu anaanza upya tangu "Hamjambo watazamaji". Kuna na lugha yenyewe. Tuseme unaripoti bomba la maji lililopasuka Gatwekera. Ukiandika hotuba, utajikuta na "wakazi wamelazimika kugharamika kufuatia kupasuka kwa bomba". Nani huongea na jirani yake hivyo? Badala yake, chukua kipande cha katoni, uandike kwa herufi kubwa:

bomba: tangu Jumatatu
mtungi: bei imepanda
watoto: foleni asubuhi
nani atengeneze?

Kila mstari ni jambo, si sentensi. Ukifika kwenye "mtungi" unasimulia tu: "Jana nimenunua maji ghali, na bado nimepanga foleni." Ukirekodi tena yatatoka kwa maneno mengine, na hakuna ubaya.

"Basi usikariri chochote." Nusu kweli. Sentensi ya kwanza ishike barabara, kwa kuwa hapo ndipo moyo unapodunda zaidi. Majina na bei viandike kamili kwenye katoni. Ukikosea bei ya mtungi, Gatwekera nzima itakurekebisha.

"Kila mtu anaona unavyotetemeka." Si kweli. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha majaribio yao: wazungumzaji walidhani woga wao unaonekana zaidi kuliko watazamaji walivyouona. Walioelezwa jambo hilo mapema walizungumza vizuri zaidi. Tumbo litaendelea kukusokota, lakini tumbo halionekani kwenye video.

"Ukishika karatasi watajua hujui unachosema." Si kweli, mradi uiweke mahali pake. Ikiwa magotini, utakuwa unainama kila mara. Mwenzako aishike chini kidogo ya lenzi, asimame hapo hapo nyuma ya simu, na wewe umweleze yeye habari yako. Tumia kamera ya nyuma. Ile ya mbele itakufanya ujitazame uso wako badala ya lenzi.

"Haraka haraka haina baraka." Kweli tupu, na wazee hawakuwa wameona hata simu. Woga hukimbiza ulimi. Nyamaza sekunde mbili kabla ya kila mstari mpya: unapata kuvuta pumzi na kutupia katoni jicho, na mhariri anapata pa kukata. Bodaboda ikipita ikafunika sauti yako, unarudia mstari huo mmoja, si video nzima.