Kuvuka Miezi Isiyo na Mshahara

Mfanyakazi wa Tanzania anayepunguzwa kazi mara nyingi hushika pesa nyingi kuliko kawaida katika wiki ile ile anayopoteza kipato chake. Notisi, malipo ya likizo na kiinua mgongo huingia kwa pamoja, na ndugu na jamaa husikia. Miezi inayofuata huamuliwa zaidi na jinsi fedha hizo zilivyopangwa kabla ya kazi ya kwanza ya kibarua kutafutwa, kwa sababu ni hesabu hiyo inayoonyesha kibarua kinatakiwa kuleta kiasi gani.

Chukulia mtunza stoo wa kampuni moja Dar es Salaam, aliyefanya kazi miaka 5 kamili kwa mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi, siku 6 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Mshahara wa mwezi ukigawanywa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni 30,000. Siku 7 ni 210,000, na kwa miaka 5 inakuwa 1,050,000. Tukichukulia kuwa mwajiri amelipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, mkononi kuna 1,830,000, mbali na likizo ambayo hakuichukua. Kabla ya kutia saini kwamba amelipwa yote, inafaa apige hesabu hii mwenyewe kwenye karatasi. Anayeona kuachishwa kwake si halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi hupoteza haki hiyo kwa sababu tarehe zimepita wakiwa bado wanahangaikia chakula.

Kuna fungu jingine linalosahaulika. Mwanachama wa NSSF aliyechangia miezi 18 au zaidi, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kuomba fao la kukosa ajira. Fao hilo ni kama theluthi moja ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 6. Kwa mtunza stoo huyu ni takriban 260,000 kwa mwezi. Haliji siku ya kuomba. Barua ya kuachishwa kazi inahitajika, na michango ambayo mwajiri hakuiwasilisha huchelewesha kila kitu, kwa hiyo taarifa ya michango inafaa ichapishwe wiki ya kwanza kabisa.

Sasa matumizi. Nyumba iliyokuwa ikitumia 650,000 kwa mwezi ikishushwa hadi 450,000, kwa kupunguza nauli za kwenda kazini, kula nje na vifurushi vya simu, pengo linalobaki baada ya fao ni 190,000. Hii ndiyo namba ya kuitafutia kibarua. Aliyeachishwa kazi hupata hofu akidhani lazima arudishe 780,000 zote mara moja, na hofu hiyo ndiyo humsukuma kununua pikipiki au kufungua duka kwa kiinua mgongo chote. Anachohitaji ni kama 8,000 safi kwa siku, akifanya kazi siku 24.

Bodaboda huwa ya kwanza kufikiriwa, kwa sababu pesa yake huonekana siku hiyo hiyo. Mwenye leseni ya pikipiki asiye na chombo hukodi kwa hesabu, yaani hulipa kiasi maalumu kwa mwenye pikipiki kila siku, apate abiria asipate. Mfano wa siku ya kawaida: amekusanya 22,000, hesabu 8,000, mafuta 6,000, kula na vocha 2,500. Kinachobaki ni 5,500, na bado pancha na breki hazijatolewa. Siku ya mvua hesabu hubaki pale pale. Anayehesabu zile 22,000 kama kipato hujiona ana unafuu, mpaka pedi na matairi vinapoisha kwa pamoja. Zaidi ya hapo, kazi hiyo humeza siku nzima, na nafasi ya kupeleka maombi ya kazi au kwenda kwenye usaili hupotea. Namna inayofaa zaidi kwa muda mfupi ni deiwaka: dereva mwenye chombo akipumzika, mwingine hukishika kwa saa chache za jioni na kulipa sehemu ya hesabu. Lakini hapo lazima awe anafahamika kijiweni.

Uwakala wa fedha za simu una sifa nzuri kuliko unavyostahili kwa mtu wa aina hii. Unahitaji taratibu za usajili, leseni, mahali pa kukaa na mtaji uliogawanywa kati ya salio la simu na pesa taslimu. Mtaji mdogo huishia upande mmoja: wateja watatu wa kutoa wakifuatana, droo huwa tupu, na wa nne huenda kwa jirani. Kamisheni hukua polepole. Ni biashara ya kweli, lakini si ya kujaza pengo la mwezi huu.

Kinacholipa upesi zaidi mara nyingi ni ujuzi ule ule wa kazi iliyopotea, ukiuzwa kwa siku. Mtunza stoo anajua kuhesabu mali, kulinganisha daftari na rafu na kugundua bidhaa inayovuja. Maduka ya jumla, maduka ya dawa na ghala ndogo huhitaji hesabu hiyo, hasa mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka, ila si wengi wanaoweza kuajiri mtu wa kudumu. Akilipwa 20,000 kwa siku, nauli na chakula vikala 4,000, siku 12 humpa 192,000, na pengo limeziba huku nusu ya mwezi ikibaki kwa kutafuta ajira. Ugumu wake ni wiki za kwanza, kwa sababu kazi hizi hupatikana kwa kufahamiana. Wa kuanza nao ni wateja na wasambazaji waliozoea kumwona dirishani kwa mwajiri wa zamani. Malipo yakubaliwe kuwa ya siku hiyo hiyo; anayeambiwa asubiri mwisho wa mwezi amegeuka mkopeshaji wa tajiri.

Mikopo ya haraka si kipato, ingawa huingia kama kipato. Mkopo wa kausha damu wa 100,000 unaorejeshwa 5,000 kila siku kwa siku 26 ni deni la 130,000, na hizo 5,000 ni karibu kila kitu kilichobaki kwa dereva wa pale juu. Mwenye mkopo wa zamani wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara azungumze na benki mapema, kwa sababu benki inaweza kukata deni lake kwenye malipo yanapoingia katika akaunti. Aulize pia kama bima ya mkopo wake inahusu kupunguzwa kazi.

Pesa ya notisi ndiyo ya kula wakati fao linasubiriwa. Kiinua mgongo kikae akaunti tofauti, na kila shilingi inayochukuliwa humo iandikwe. Kikipungua miezi 2 mfululizo, kibarua kilichopo hakitoshi, na cha kupunguza kinachobaki ni kodi. Uamuzi wa kuhamia chumba cha bei nafuu ufanyike kabla kodi ya awamu inayofuata haijalipwa.