Picha Inapovunjika Vipande: Antena ya Ndani, Utafutaji wa Chaneli na Busta

Picha ya televisheni ya kidijitali haififii kidogo kidogo kama ilivyokuwa ya analojia. Kabla ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yakipungua kioo kilijaa chengachenga, lakini sura ya mtangazaji iliendelea kuonekana. Katika mfumo wa DVB-T2, unaotumika leo Tanzania na Kenya, picha huwa safi kabisa mpaka kikomo fulani. Mawimbi yakishuka chini ya kikomo hicho, picha huvunjika vipande vya mraba, sauti hukatika, kisha kioo huganda au kuwa cheusi.

Sababu yake ni namna picha inavyosafirishwa. Hutumwa ikiwa mfululizo wa tarakimu, pamoja na tarakimu za ziada ambazo king'amuzi huzitumia kusahihisha zile zilizoharibika njiani. Makosa yakiwa machache, yote husahihishwa na mtazamaji hagundui lolote. Yakizidi uwezo wa king'amuzi, sehemu za picha hukosa taarifa zake, na kwa kuwa picha hupangwa katika miraba midogo, upungufu huo huonekana kama miraba. Kwa hiyo picha inayovunjika mara moja moja iko ukingoni kabisa mwa kikomo, na mabadiliko madogo yanatosha kuirudisha upande salama.

Hali hiyo inaweza kupimwa nyumbani. Ving'amuzi vingi vina ukurasa wenye mistari miwili: Signal Strength, yaani nguvu ya mawimbi, na Signal Quality, yaani ubora wake. Nguvu huonyesha ni kiasi gani cha mawimbi kinachoingia, na ubora huonyesha ni kiasi gani kinachosomeka. Mstari wa kutazamwa zaidi ni ule wa ubora. Asilimia zenyewe hupangwa na mtengenezaji, hivyo hazifai kulinganisha ving'amuzi viwili. Zinafaa kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja.

Mahali antena ilipo ndipo penye tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote. Matangazo haya husafiri katika masafa ya UHF, na katika masafa ya 500 MHz wimbi moja lina urefu wa sentimeta 60. Ndani ya chumba mawimbi hayaji kwa njia moja. Mengine hupita dirishani moja kwa moja, mengine hugonga ukuta, kabati au mwili wa mtu na kurudi. Yanapokutana, pengine huongezeana nguvu na pengine huuana. Sehemu nzuri na sehemu mbaya zinaweza kuachana kwa sentimeta 15 tu, na ndiyo maana kusogeza antena kwa kadiri ya kiganja kimoja huponya picha iliyosumbua wiki nzima. Bati, nondo za zege, nyavu za chuma na vyuma vya dirishani huzuia au kupotosha mawimbi. Antena iliyowekwa juu ya dari, chini kidogo ya paa la bati, mara nyingi hupata kidogo kuliko ile iliyo karibu na dirisha.

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa yenye kuta za zege, ambamo antena imewekwa nyuma ya televisheni kwenye ukuta wa ndani. Chaneli nyingi zinaonekana, ila kundi moja huvunjika kila mtu anapopita sebuleni. Kipimo cha ubora kwenye kundi hilo kinarukaruka kati ya asilimia 20 na 45. Kazi huanza kwa kujua mnara wa kurushia matangazo uko upande gani, na antena za juu ya mapaa ya majirani huonyesha upande huo bila kuuliza. Antena huhamishiwa kwenye dirisha la upande huo, juu ya kimo cha mtu, mbali na televisheni, ruta na chaja. Kisha ukurasa wa vipimo hufunguliwa kwenye chaneli iliyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu ikipona hiyo, nyingine kwa kawaida hufuata. Antena husogezwa kidogo, mtu huondoka mbele yake, na kipimo huachwa kitulie kwa sekunde chache kabla ya kusogezwa tena. Hujaribiwa ikiwa imelala na ikiwa imesimama, kwa kuwa baadhi ya minara hurusha mawimbi yaliyolala na mingine yaliyosimama. Katika mfano huu ubora unafika asilimia 70 na kutulia hapo. Utulivu huo una thamani kuliko asilimia 80 inayoshuka kila mara.

Baada ya hapo ndipo chaneli hutafutwa upya. Auto Search haiongezi nguvu ya mawimbi hata kidogo. Kazi yake ni kupitia masafa moja baada ya jingine na kuandika kwenye kumbukumbu kila chaneli inayosomeka. Inahitajika pale kituo kinapohamia masafa mengine, chaneli mpya zinapoanza, au kaya inapohamia eneo la mnara mwingine. Kosa la kawaida ni kuiendesha wakati picha inavunjika: kwenye ving'amuzi vingi orodha ya zamani hufutwa, na chaneli ambayo haikusomeka dakika ile hutoweka kabisa. Kama ni kundi moja tu linalokosekana, Manual Search kwenye masafa ya kundi hilo huliongeza bila kugusa mengine.

Swali la mwisho ni la busta. Busta ya desibeli 20 hukuza mawimbi mara 100, lakini hukuza mara 100 pia kelele zilizoingia pamoja nayo, kisha huongeza kelele yake yenyewe. Ubora ulioharibika kabla ya kufika kwenye antena haurudishwi na busta. Inachofidia ni upotevu wa baada ya antena. Waya mzuri wa mita 20 hupoteza karibu desibeli 4, na kigawanyishi cha televisheni mbili hupoteza zaidi ya 3 kwa kila televisheni. Vikiunganishwa, kinachofika ni chini ya moja ya tano ya kilichonaswa. Hapo busta ina kazi, na mahali pake ni karibu na antena, kabla ya waya mrefu. Antena ya mezani yenye waya wa mita moja na nusu hupoteza kidogo tu, kwa hiyo busta haina cha maana cha kufidia.

Karibu na mnara busta inaweza hata kudhuru. Mawimbi makali huilemea, nayo huyavuruga. Nguvu husoma juu huku ubora ukianguka. Jaribio ni kuichomoa: ubora ukipanda, busta ndiyo ilikuwa tatizo. Kwa upande mwingine, kuna antena zenye busta ndani yake zinazotegemea umeme wa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi. Antenna Power ikiwa imezimwa kwenye menyu, antena hizo hupata kidogo kuliko antena ya kawaida, na dawa yake ni kuiwasha tu.

Ikiwa ubora haupandi dirishani wala sehemu nyingine yoyote ya nyumba, mawimbi yanayoingia ndani hayatoshi. Fedha ya busta hapo itumike kununua antena ya nje, iinuliwe juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara.