Kubandua kapeti la plastiki kwenye sakafu ya saruji

Ukitaka kujua kama fundi anaielewa kazi ya kubandua kapeti lililogundishwa sakafuni, usiangalie nguvu za mikono yake. Angalia mashine yake ya hewa moto ameielekeza wapi. Wengi huielekeza juu ya kapeti, husubiri mpaka plastiki ivimbe na kuanza kunuka, kisha hushika skrepa na kusukuma kwa nguvu zote. Kinachotoka ni vipande vidogo kama viganja vya mtoto, na chini yake gundi imebaki palepale ilipopakwa.

Sababu ni kwamba plastiki hupitisha joto polepole, na sakafu ya saruji iliyo chini yake ni nzito na baridi. Joto kidogo linaloifikia gundi humezwa na sakafu mara moja. Kwa hiyo juu kapeti linaungua na chini gundi bado ngumu. Kumbe gundi haihitaji moto mkali. Gundi nyingi za kapeti hulegea zikifikia nyuzi joto 50 hadi 70 hivi, na hushika tena mara zinapopoa. Kazi yote ni kulifikisha joto hilo dogo kwenye gundi yenyewe, na kupitisha skrepa kabla halijaondoka.

Tuchukue chumba kimoja cha kulala, mita 3 kwa mita 4, katika nyumba ambayo mwenyewe anataka kuweka vigae. Sakafu ni ya saruji iliyopigwa niru, na juu yake kapeti la plastiki limegundishwa lote, si pembeni tu. Vigae haviwezi kuwekwa juu ya kapeti hilo, wala juu ya mabaki ya gundi yake, kwa sababu gundi ya vigae inatakiwa kushika saruji. Ikishika utando wa gundi ya zamani, siku utando huo utakapoachia, vigae vitaachia pamoja nao.

Kabla ya kuwasha chochote, kata kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye kona, nyuma ya mlango, ukitazame upande wa chini. Gundi ya rangi ya njano au kahawia, inayovutika kama mpira, ndiyo inayotii joto vizuri. Gundi nyeupe au ya maziwa mara nyingi ni ya maji, nayo hulainika hata kwa maji ya moto. Ukikuta gundi nyeusi kama lami, simama hapo hapo. Simama pia ukikuta vigae vya plastiki vya mraba vya zamani, hasa vile vyenye upande wa sentimita 23, katika jengo la kabla ya miaka ya 1980. Vigae vya aina hiyo, gundi nyeusi, na hata karatasi iliyo mgongoni mwa baadhi ya makapeti ya plastiki ya wakati huo, vilitengenezwa mara nyingi kwa kuchanganya asbesto. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, na zikiingia mapafuni huleta maradhi miaka mingi baadaye, saratani ikiwemo. Hapo usikwangue, usipige msasa, usifagie na usipashe joto. Kipande kipimwe maabara kwanza, na mamlaka ya mazingira iulizwe namna ya kuendelea. Ikiwa vigae bado vimeshika vizuri, mara nyingi njia salama zaidi ni kuviacha na kuvifunika.

Katika chumba chetu gundi ni ya njano na ya mpira, kwa hiyo kazi inaendelea. Toa vyombo vyote, ng'oa skatingi, fungua madirisha na mlango hewa ipite. Mashine ya hewa moto yenye wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 za umeme. Soketi nzima ya ukutani inauweza mzigo huo, lakini ekstensheni nyembamba, au iliyoachwa imezungushwa kwenye kibiringo chake, itapata moto mpaka iyeyuke. Tumia ekstensheni nene na uikunjue yote.

Sasa kata kapeti kwa kisu vipande virefu vyenye upana wa sentimita 20, ukifuata upande mfupi wa chumba. Utapata vipande 20, kila kimoja na urefu wa mita 3. Upana huo una maana yake: skrepa yenye bapa la sentimita 10 inaufagia kwa mipigo miwili, na mkono mmoja unaweza kuuvuta bila mtu kuumia mgongo. Usikandamize kisu mpaka kiguse saruji, kwani ncha yake itaisha kabla hujafika ukutani.

Anza mwisho wa kipande, ukutani. Hapo tu ndipo utakapopasha joto kutoka juu. Shika mdomo wa mashine sentimita 5 hivi kutoka kwenye kapeti na uuzungushe bila kusimama, kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha ingiza skrepa chini ya ukingo. Ukingo ukishanyanyuka kiasi cha kushikika, badilisha namna ya kufanya kazi. Vaa glavu, vuta kipande kuelekea kwako taratibu, na hewa moto uielekeze kwenye kona ile ambapo kapeti linaachana na sakafu. Sasa joto linaigusa gundi moja kwa moja, halipiti tena katika plastiki. Skrepa inafuata nyuma ya joto, papo kwa papo.

Ukiinama uangalie kona hiyo kwa karibu, gundi yenyewe itakuonyesha hali ilivyo. Ikinyooka nyuzi nyembamba kabla ya kukatika, joto linatosha. Kapeti likichanika, au tabaka la juu likitoka na kuacha la chini sakafuni, gundi bado imepoa, kwa hiyo punguza mwendo wa kuvuta. Plastiki ikianza kung'aa, kulegea na kutoa harufu kali inayowasha pua, umezidisha. Kapeti za namna hii nyingi ni za vinili, na vinili ikipita nyuzi 200 hivi huanza kuvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka asidi. Mashine nyingi za hewa moto hutoa hewa ya zaidi ya nyuzi 400, ndiyo maana mdomo wake hautakiwi kusimama mahali pamoja. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hiyo. Dawa yake ni kupunguza joto na kutoka nje upate hewa.

Kwa sababu hiyo hiyo, tochi ya gesi haifai kabisa kwa kazi hii. Mwali wake unaunguza vinili moja kwa moja. Tena saruji yenye unyevu ndani ikipigwa na mwali, maji hugeuka mvuke, yakakosa pa kutokea, na uso wa sakafu ukaruka vipande.

Skrepa nayo ina kanuni yake. Ilaze iwe na pembe ya nyuzi 30 hivi na sakafu. Ukiisimamisha, haiingii chini ya gundi bali inachimba niru. Bapa butu ndilo linalomfanya mtu atumie nguvu, na nguvu ndizo zinazochimba sakafu, kwa hiyo noa au badilisha bapa mara tu linapoanza kuteleza juu ya gundi. Skrepa ya mpini mrefu husaidia sana katikati ya chumba, kwa vile uzito wa mwili ndio unaosukuma na magoti yanapumzika.

Zulia la nyuzi halifuati njia hii. Nyuzi zake huzuia joto lisishuke, na zile za polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 165, zikawa uji unaoganda sakafuni na kuongeza kazi. Zulia likatwe na livutwe likiwa baridi. Sponji inayobaki imegandamana na sakafu ikwanguliwe kavu, kisha joto litumike kwenye gundi peke yake.

Kapeti likishatoka lote, sakafu itabaki na mabaka ya gundi ya mpira. Yapashe eneo dogo dogo, kiasi cha kiganja viwili, uyakwangue yakiwa ya moto, na ufute bapa kwa kitambaa kikavu kila baada ya mipigo michache. Usipofanya hivyo, gundi unayoitoa hapa utaipaka pale. Ingekuwa gundi nyeupe ya maji, ungetandika matambara yaliyolowa maji ya moto kwa dakika 20 hadi 30, ndipo ukwangue.

Hapa ndipo watu hukumbuka petroli na thina. Ni kweli vimiminika hivyo vinalainisha gundi ya mpira. Lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na koili ya mashine ya hewa moto au cheche ya swichi inatosha kuuwasha. Petroli isiingie chumbani kabisa. Thina na joto visikutane katika kazi moja, hata kwa kupokezana.

Mwisho inabaki kujua kama sakafu iko tayari kupokea vigae. Dondosha matone machache ya maji sehemu mbalimbali uliposafisha. Yakisimama kama shanga, bado kuna utando wa gundi usiouona. Hata hivyo niru iliyosuguliwa vizuri nayo hunywa maji polepole, kwa hiyo dondosha matone mengine mahali ambapo gundi haikuwahi kufika, kwa mfano nyuma ya skatingi uliyoing'oa, ulinganishe. Matone yakizama kwa kasi ileile pande zote mbili, gundi imekwisha. Kama niru ni laini sana kiasi cha kutoshikika, fundi ataitoboatoboa kwa patasi ili gundi ya vigae ipate pa kujishikiza. Gonga pia sakafu yote kwa mpini wa skrepa. Palipo na mlio wa uwazi, saruji imeachana na zege la chini, napo pabomolewe na kujazwa upya.

Kama kuna sehemu ambayo kapeti lilitoka lenyewe bila joto, usiifurahie haraka. Mara nyingi ni unyevu unaopanda kutoka chini ndio ulioilegeza gundi. Bandika hapo nailoni safi ya nusu mita kwa nusu mita, uzibe pande zote nne kwa utepe, na uiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, au saruji imekuwa nyeusi kuliko ilivyo pembeni, unyevu upo. Tafuta kwanza unakotoka, iwe ni bomba linalovuja au maji ya mvua yanayotuama ukutani kwa nje, ndipo ununue vigae.